Ngozi kavu inayowasha msimu wa vumbi: sabuni ipi, uoge vipi, na mafuta mazito upake wakati gani

Kiangazi kikikolea na vumbi likaanza kupanda, sehemu ya mwili inayotangulia kulalamika ni ugoko, ule upande wa mbele wa mguu kati ya goti na kifundo. Ngozi ya hapo hupauka ikawa kama imemwagiwa majivu. Ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe. Hali ikizidi, hutokea mipasuko myembamba inayokutana kama nyufa za tope lililokauka, na usiku ukishajifunika, muwasho unaanza.

Wengi hujibu kwa mambo mawili: mafuta mengi asubuhi na sabuni kali jioni. Mafuta ya asubuhi hukamata vumbi, mguu unageuka rangi ya barabara. Jioni mtu anausugua kwa sabuni na dodoki hadi uchafu wote utoke, na pamoja na uchafu hutoka kile kidogo cha asili kilichokuwa kinaizuia ngozi isikauke. Kesho yake imepauka zaidi, anaongeza mafuta, jioni anaongeza kusugua. Mduara huo ndio tunaouvunja hapa, tukitumia mguu chini ya goti kama mfano. Mikono, ubavu na mgongo hufuata kanuni ile ile.

Kinachotokea kwenye ngozi

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Limejengwa kama ukuta: seli zilizokufa, bapa, ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta maalumu ya ngozi yenyewe ambayo ndiyo udongo wa kushikiza. Ndani ya yale matofali mna vitu vinavyonyonya na kushika maji. Muda wote, hata usipotoka jasho, maji kidogo hupenya ukuta huo na kupotelea hewani. Hewa ikiwa na unyevu, upotevu ni mdogo. Hewa ikiwa kavu na upepo unavuma, upotevu unaongezeka, matofali yanasinyaa, kingo zake zinanyanyuka na kuwa magamba madogo. Mwanga unapopiga kwenye magamba hayo ngozi inaonekana nyeupe au ya kijivu. Huko ndiko kupauka.

Ugoko unatangulia kwa sababu una vinyweleo na tezi za mafuta chache sana ukilinganisha na uso au kifua. Vumbi nalo halikai bure: chembe laini hunyonya mafuta ya juu ya ngozi, na kila suruali au sketi inapogusa mguu, chembe hizo hukwaruza. Kadiri mtu anavyozeeka tezi za mafuta zinapunguza kazi, ndiyo maana wazee huwashwa zaidi hata wakiishi nyumba moja na vijana wasiohisi chochote.

Katika maelezo yote hayo kuna jambo moja la kushika, maana ndilo linaloamua kila hatua inayofuata. Mafuta mazito hayaipi ngozi maji. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyomo. Mafuta ya mgando yakipakwa vizuri huzuia karibu upotevu wote wa maji katika eneo lililofunikwa, hakuna mafuta mengine ya kawaida yanayoyakaribia kwa hilo. Lakini ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka tangu asubuhi, umefunga mlango wa ghala tupu. Ngozi itang'aa kwa muda, na chini yake itaendelea kukaza na kuwasha.

Sabuni: jaribu kwenye mkono kabla ya kuamini maandishi

Sabuni ya kweli hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta, kama ya mawese, ya nazi au shahamu ya ng'ombe, na magadi makali ya sodiamu. Inayotoka ni alkali, kwa kawaida pH ya 9 hadi 10. Ngozi yako ina asidi kidogo, kama 5. Sabuni hiyo ikikaa juu yake, seli za juu huvimba, mafuta ya katikati ya matofali hulainika na kuondoka na povu, na inachukua saa kadhaa ngozi irudi katika hali yake. Mwenye ngozi nzima na hewa yenye unyevu hata hahisi. Mwenye ugoko uliopauka anahisi ndani ya dakika kumi.

Kuna vipande vinavyofanana na sabuni lakini vimetengenezwa kwa visafishaji laini, bila yale magadi. Pakiti yake mara nyingi huwa na maelezo kwamba pH yake ni 5.5, au kwamba bidhaa si sabuni, au kwamba ni kwa ngozi kavu au ya pumu ya ngozi. Hivyo ndivyo vya kutafuta kwanza. Usipovipata, chagua sabuni ya kuogea isiyo na manukato, yenye gliserini au iliyoongezwa mafuta, na uitumie kidogo kama tutakavyoeleza. Maandishi ya "asilia" yasikubabaishe. Sabuni iliyopikwa nyumbani kwa mafuta mazuri bado ni alkali, na ikipikwa vibaya magadi yakabaki ndani yake, inaunguza.

Zinazofaa kuwekwa kando hadi mvua zirudi ni hizi: sabuni ya mche ya kufulia, sabuni ya unga, sabuni za dawa za kuua vijidudu, na zile zenye chembechembe za kusugua. Dawa ya kuua vijidudu inayotiwa ndani ya maji ya kuogea nayo iachwe. Muwasho wa ukavu hausababishwi na vijidudu, kwa hiyo dawa hiyo haina cha kuua, inabaki kukausha tu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Jioni moja, kabla ya kuoga, osha upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo, kwa sabuni unayoitumia siku zote. Toa povu kwenye kiganja, pitisha kwa sekunde 20, suuza vizuri. Mkono wa kulia uoshe kwa maji matupu au kwa sabuni mpya unayoifikiria. Gusisha taulo mikono yote miwili, usipake kitu, kisha kaa robo saa. Sasa kunja kiganja na kukunjua mara kadhaa, usikilize kama ngozi ya mkono wa kushoto inakaza. Halafu pitisha ukucha taratibu kwenye mikono yote. Mkono unaobaki na mstari mweupe unaoonekana wazi ndio ulionyang'anywa zaidi. Kama kushoto na kulia hakuna tofauti, sabuni yako siyo mkosaji mkuu, tafuta kwenye maji ya moto, dodoki, au namna unavyopaka.

Kelele ile ya ngozi "kulia" chini ya vidole wakati wa kusuuza, ambayo wengi huichukua kuwa dalili ya usafi, ni dalili kwamba mafuta ya juu yameisha. Ngozi iliyosafishwa vya kutosha bado huteleza kidogo.

Angalia pia maji yako. Maji ya visima vingi yana chokaa na magnesiamu. Sabuni ya kawaida ikikutana nayo povu halitoki, badala yake hutokea utando mweupe kwenye beseni, na utando huo huo hubaki mguuni na kuwasha. Watu hujibu kwa kuongeza sabuni, na utando unaongezeka. Kwa maji ya aina hiyo kisafishaji laini kisicho sabuni kinafaa zaidi, kwa kuwa hakifanyi utando. Kama huna, punguza sabuni na suuza mara mbili, ukitumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwa mkupuo wa mwisho ikiwa unayo.

Kuoga

Katika msimu huu oga mwili mzima kwa sabuni mara moja kwa siku, na jioni ndiyo bora, kwa sababu unalala bila vumbi na mafuta mazito yanapata usiku mzima wa kufanya kazi. Ukihitaji kuoga asubuhi, jimwagie maji tu, sabuni iguse kwapa na sehemu za siri za nje peke yake.

Maji yawe vuguvugu, ya kupoa kidogo kuliko unavyotamani. Yapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: usihisi moto wala baridi. Maji ya moto yana tatizo la ujanja wake. Yakimwagika juu ya ngozi inayowasha hutuliza papo hapo, raha kabisa, lakini huyeyusha mafuta ya ngozi kwa kasi zaidi na hutanua mishipa midogo ya damu, na nusu saa baadaye muwasho unarudi na nguvu mpya. Kama umezoea kuumwagia ugoko maji ya moto ili usijikune, hiyo tabia ndiyo ya kwanza kuacha.

Muda: dakika tano hadi kumi. Haidhuru unatumia ndoo na kopo au shawa. Maji machache yanayotosha kulowesha na kusuuza ni sawa na mengi, mradi povu lisibaki. Ndoo ina faida moja: ukishaijaza, maji yenyewe yanakuwekea mpaka.

Sabuni ianze kwenye viganja, siyo kuburuzwa moja kwa moja mwilini. Inatakiwa kwapani, kinenani, makalioni, katikati ya vidole vya miguu na kwenye nyayo. Tumbo, mgongo, mapaja na mikono ya juu havina uchafu ambao maji na kiganja haviwezi kuuondoa, isipokuwa umefanya kazi ya grisi, rangi au mbolea.

Hapo mtu mwenye miguu ya vumbi atauliza kuhusu ugoko wenyewe. Vumbi kavu huondoka kwa maji peke yake. Vumbi lililogandana na mafuta ya asubuhi halitoki kwa maji. Fanya hivi: lowesha miguu kwanza na uiache imelowa kwa dakika moja au mbili unapoosha sehemu nyingine, ili tope lilainike. Kisha chukua povu lililobaki viganjani, pitisha mara moja kutoka goti kwenda chini kwa sekunde 20 hivi, na suuza papo hapo. Tumia kiganja au kitambaa laini cha pamba. Dodoki, wavu wa plastiki, jiwe na brashi visiguse ugoko. Jiwe la kusugulia libaki kwenye visigino, nako mara mbili kwa wiki inatosha.

Suuza mara moja zaidi ya unavyodhani inatosha, hasa nyuma ya goti na kuzunguka kifundo, maana povu hupenda kujificha hapo.

Dakika tatu za baada ya maji

Ukimaliza kuoga, ngozi imejaa maji kuliko wakati mwingine wowote wa siku, na inaanza kuyapoteza mara moja. Ukijifuta ukakauka kabisa, ukavaa, ukaenda kula, ndipo ukakumbuka mafuta, fursa imepita. Kwa hiyo kopo la mafuta likae bafuni au mlangoni mwa bafu, wala si kwenye meza ya chumbani. Mabadiliko haya ya mahali pa kopo yana nguvu kuliko kubadili aina ya mafuta.

Gusisha taulo, usisugue. Lengo ni ngozi iache kuchuruzika huku ukiigusa unahisi ubichi. Matone yakiwa bado yanatiririka, mafuta yatateleza juu yake na kujikusanya kwenye vidonge vidogo vinavyohamia kwenye nguo. Ikiwa hivyo, gusisha taulo tena kidogo. Ikiwa umechelewa na mguu umekauka, usipake hivyo hivyo. Lowesha viganja, pangusa mguu hadi uwe na ubichi, kisha paka. Kanuni hiyo inahudumia hata siku ambayo maji hayatoshi kuoga: kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kisha mafuta.

Chota mafuta kwa kijiko safi au kijiti, usiingize vidole vilivyotoka kujikuna. Yapashe moto katikati ya viganja kwa sekunde kadhaa hadi yalainike, halafu weka madoa madogo kwenye ugoko, shavu la mguu na juu ya kifundo, ndipo uyaunganishe kwa kupitisha kiganja kuelekea chini, upande vinyweleo vinakolala. Ukisugua kinyumenyume au kwa kuzungusha kwa nguvu, mafuta hujisukuma ndani ya matundu ya vinyweleo, na baada ya siku mbili tatu unaona vipele vyenye kichwa cha usaha kila palipo na unywele. Watu husema mafuta "yamewakataa". Mara nyingi kilichokosewa ni mkono.

Yakishaenea, ngozi inatakiwa ing'ae na kunata kidogo bila kuacha tabaka jeupe au la njano. Subiri dakika tano hadi kumi kabla ya kuvaa. Vaa suruali nyepesi ya pamba ya kulalia ili mafuta yasiishie kwenye shuka. Mafuta mazito yakilowa kwenye kitambaa, kitambaa hicho hushika moto haraka sana, kwa hiyo nguo hizo zisisogelee jiko, mshumaa wala sigara. Nyayo zikipakwa, vaa soksi kabla ya kutembea. Sakafu ya saruji iliyolainishwa na mafuta ya mgando imewaangusha wengi.

Kiasi gani, na mafuta yapi

Madaktari wa ngozi hupima kwa ncha ya kidole. Kamua krimu kutoka kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza: hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mguu mmoja kutoka goti hadi kifundo unahitaji takribani vipimo vitatu, na wayo pamoja na juu yake viwili. Miguu yote miwili ni vipimo kumi, yaani gramu 5. Kwa kopo, hesabu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ambacho kinakaribia sana kiasi hicho.

Hesabu hii inafichua jambo. Ukipaka mara mbili kwa siku unatumia gramu 10, na kopo la gramu 250 linaisha siku ya 25. Kama kopo lako la miguu linadumu miezi mitatu, hupaki mafuta, unayaonjesha.

Kuhusu aina, fikiri kwa uzito. Losheni ina maji mengi, huenea upesi na hukauka upesi. Inafaa mchana na sehemu zenye nywele nyingi, ila kwa ugoko uliopasuka peke yake haitoshi. Krimu iko katikati. Mafuta ya mgando yako mwisho wa uzito na hayana maji kabisa, ndiyo maana hayahitaji kemikali za kuhifadhi na mara chache humletea mtu mzio. Chukua yasiyo na manukato wala rangi.

Mafuta ya nazi ni mbadala mzuri wa wastani, japo hayafungi maji kama ya mgando. Mafuta ya alizeti nayo yanavumilika vizuri. Ya zeituni tusingeyashauri kwa ngozi kavu: aina ya asidi iliyojaa ndani yake hulegeza ule udongo wa katikati ya matofali, na ngozi huvujisha maji zaidi ingawa inaonekana laini.

Gliserini inastahili neno lake. Inavuta maji, na hiyo ndiyo sifa na hatari yake. Ukiipaka tupu katika hewa kavu inayavuta maji kutoka ndani ya ngozi kwa kuwa hewani hayapo, na unabaki umenata na umekauka. Ichanganye na maji, sehemu moja ya gliserini kwa sehemu tatu hadi nne za maji safi yaliyochemshwa na kupoa, paka kwenye mguu wenye ubichi, kisha funika mara moja kwa mafuta ya mgando. Tengeneza kidogo cha siku mbili tatu tu, kwa sababu mchanganyiko wenye maji unaota vijidudu.

Krimu zenye yurea asilimia 5 hadi 10 hushika maji na kulainisha magamba, lakini kwenye mipasuko zinachoma. Zianze baada ya nyufa kuziba. Magaga ya visigino huhitaji yurea ya asilimia 20 au zaidi, na hiyo isipakwe ugokoni.

Asubuhi, wakati vumbi linakungoja nje

Kupaka mafuta ya mgando saa moja asubuhi na kutoka kwenda barabara ya vumbi ni kujipaka gundi. Usiku ndio wakati wa mafuta mazito. Asubuhi, baada ya kujimwagia maji au kujipangusa kwa kitambaa kilicholowa, paka krimu au losheni nzito isiyo na manukato, kiasi kile kile cha kijiko cha chai kwa miguu yote miwili, na ukae dakika kumi ikolee. Kisha gusa mguu kwa nyuma ya mkono: ukinata, pangusa ziada kwa kitambaa laini. Funika mguu kwa suruali au sketi ndefu ya pamba, maana kitambaa huzuia vumbi na upepo pamoja.

Kama mafuta ya mgando ndiyo pekee uliyo nayo, tumia robo ya kijiko tu asubuhi, juu ya ngozi yenye ubichi, yaenee hadi yasionekane.

Mchana ukirudi na miguu ya vumbi, usipake chochote juu ya vumbi. Osha kwa maji matupu, gusisha taulo, rudia krimu kidogo.

Mfano: siku 14 za mguu mmoja

Tuchukue mtu wa miaka 55. Anaoga asubuhi na jioni kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, anasugua kwa dodoki, anapaka mafuta ya mgando asubuhi akiwa tayari amevaa nusu. Ugoko umepauka, una mipasuko myembamba na alama nyeusi za kucha. Muwasho unamwamsha usiku.

Siku ya kwanza hadi ya tatu anabadilisha vitu vitatu: sabuni ya dawa na dodoki vinaondoka, maji ya moto yanakuwa vuguvugu, na kijiko cha mafuta kinapakwa jioni mlangoni mwa bafu ndani ya dakika tatu. Anakata kucha hadi mwisho. Muwasho ukija usiku, badala ya kukuna anaweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika tano hadi kumi, kisha anarudishia mafuta kidogo juu ya ubichi huo. Usiku wa kwanza mipasuko inaweza kuchonyota kidogo maji yakigusa, hilo ni la kawaida. Ikiwa ni krimu inayochoma zaidi ya dakika chache, aisuuze na abaki na mafuta ya mgando tu.

Kufikia siku ya nne au ya tano usingizi huwa umeanza kurudi, na jaribio la ukucha mara baada ya kuamka halitoi tena mstari mweupe, ingawa saa kumi jioni unaonekana. Hii ni dalili muhimu: usiku umeshinda, mchana bado. Dawa yake ni ile krimu ya mchana, siyo kuongeza mafuta ya usiku.

Siku ya saba hadi ya kumi magamba yanadondoka na mipasuko inaziba. Wengi huacha hapa, au hurudi kwenye dodoki ili "kumaliza" magamba. Yaliyobaki yataondoka yenyewe. Ngozi ya juu huchukua kama wiki nne kujibadilisha, hivyo utaratibu wa jioni uendelee hadi hewa ipate unyevu.

Siku ya 14 kinachobaki ni zile alama nyeusi. Ngozi nyeusi ikikunwa au kuvimba huacha rangi nzito ambayo hufifia kwa miezi, si kwa wiki. Kishawishi cha kuzipaka krimu ya kung'arisha ni kikubwa, na ni kosa baya. Nyingi za krimu hizo zina steroidi kali zinazofanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba hupasuka upesi zaidi msimu ujao.

Pale ambapo ukavu siyo jibu

Muwasho unaozidi sana usiku, ukiwa katikati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni au sehemu za siri, na mtu mwingine nyumbani naye anajikuna, huo ni upele hadi ithibitishwe vinginevyo. Unatibiwa kwa dawa yake, watu wote wa nyumba wakianza siku ile ile. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipo safi ni fangasi. Mafuta hayataiondoa, na krimu ya steroidi itaificha huku ikisambaa. Mabaka yanayorudi mikunjoni mwa viwiko na nyuma ya magoti, hasa kwa mtoto au mwenye pumu, yanaelekea kuwa pumu ya ngozi. Hapo utaratibu huu unasaidia, ila dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi huhitajika pia, kwa kuelekezwa na mtaalamu.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu ndipo uamini pameingia maambukizi. Tafuta joto kuliko mguu wa pili, uvimbe, maumivu yanayochukua nafasi ya muwasho, majimaji ya njano yanayoganda, au rangi ya zambarau inayotanuka. Ukiona hayo, au homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari aende hata kwa mpasuko mmoja wa wayo usioziba.

Na kama unawashwa mwili mzima bila vipele wala ukavu unaoonekana, au umefuata utaratibu huu kwa wiki mbili kamili bila nafuu, au kuna macho ya njano, kupungua uzito, au kiu isiyoisha, kapime damu. Ini, figo, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma na VVU vyote vinaweza kuleta muwasho. Nenda na orodha ya kila ulichopaka, pamoja na vikopo vyenyewe, na siku hiyo usipake mafuta miguuni kabla ya kuonwa, maana mng'ao huficha kile anachotakiwa kukiona.